Kitufe Kilichochelewa na Kitufe Kilichowahi: Mhadhara juu ya Mruko katika Gemu za Majukwaa

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa gemu. Nimechagua kuzungumzia sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu ndani ya muda huo mfupi mchezaji huamua kama mhusika aliye kwenye skrini anamtii au hamtii.

Gemu za majukwaa mnazijua. Mhusika anakimbia, anafika ukingoni, anaruka shimo, anatua upande wa pili, anakimbia tena. Mtu anayeandika gemu ya namna hii kwa mara ya kwanza huandika kanuni ya mruko kwa sentensi moja: kama mhusika amesimama juu ya kitu, na kama kitufe kimebonyezwa sasa hivi, mrushe juu. Kimantiki sentensi hiyo haina kosa. Lakini mpe rafiki yako padi acheze, na baada ya dakika chache utamsikia akilalamika kwamba gemu haisikii. Amebonyeza na mhusika hakuruka. Ukipitia msimbo wako mstari kwa mstari hutaona kosa, kwa sababu msimbo unafanya ulivyoagizwa.

Shida imo katika neno “sasa hivi”. Gemu nyingi hujihesabu mara 60 kwa sekunde, na kila hesabu tunaiita fremu. “Sasa hivi” ya kompyuta basi ni fremu moja, karibu milisekunde 17. Kanuni ile inataka mambo mawili, mguu kugusa sakafu na kidole kubonyeza, yakutane ndani ya fremu hiyo moja. Mchezaji naye, anapotaka kuvuka shimo pana, husubiri mpaka nukta ya mwisho ya ukingo ili apate urefu wote wa mruko. Yaani anafanya kusudi kubonyeza pale ambapo kuchelewa kidogo tu ni kuanguka. Tena picha anayoiangalia ni ya zamani kidogo: gemu imekwisha kupiga hesabu, imechora, skrini imeipokea na kuionyesha, na runinga nyingi huongeza ucheleweshaji wao juu ya huo. Macho yake yanapomwona mhusika ukingoni, ndani ya kompyuta mhusika huyo huenda ameshauacha ukingo. Mchezaji amebonyeza kwa wakati sahihi kulingana na alichokiona, na kompyuta imemkatalia kulingana na inachokijua. Mimi nasema mchezaji ndiye mwenye haki, kwa kuwa gemu imetengenezwa kwa ajili ya macho yake.

Tuchukue gemu moja tuifungue. Celeste ilitoka mwaka 2018, kazi ya Maddy Thorson, Noel Berry na wenzao. Ni gemu ngumu ya kupanda mlima, yenye miiba karibu kila ukuta, ambayo mchezaji hufa humo mara nyingi sana. Hata hivyo ukiwauliza walioicheza, watakwambia mhusika anatii. Nimeichagua kwa sababu walioitengeneza waliweka hadharani, kwenye GitHub, faili ya `Player.cs`, yenye msimbo wote wa mhusika, kwa hiyo namba nitakazozitaja hazihitaji kukisiwa. Ulimwengu wa Celeste una upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 180, na umejengwa kwa vigae vya pikseli 8. Kisanduku cha mgongano cha mhusika, yaani umbo ambalo kompyuta hulitumia kujua amegusa nini, kina upana wa pikseli 8 na kimo cha 11. Anakimbia pikseli 90 kwa sekunde, sawa na pikseli moja na nusu kwa kila fremu.

Ndani ya faili hiyo kuna namba inayoitwa `JumpGraceTime`, na thamani yake ni 0.1. Kila fremu ambayo mhusika yuko sakafuni, saa ndogo inajazwa kuwa 0.1. Akishaiacha sakafu bila kuruka, saa inaanza kupungua. Mradi haijafika sifuri, kitufe cha kuruka kikibonyezwa anaruka kana kwamba bado amesimama ukingoni. Watengenezaji wa gemu huuita huu muda wa koyote, kwa kumkumbuka Wile E. Coyote, mnyama wa katuni za Warner Bros. aliyebuniwa na Chuck Jones na Michael Maltese mwaka 1949, ambaye hukimbia akapita ukingo wa genge na kuendelea kuelea mpaka atakapotazama chini. Mimi nitaiita saa ya ukingo.

Hebu tuifuate fremu kwa fremu. Mhusika anakimbia kwenda kulia, na katika fremu fulani kisanduku chake kinamaliza kupita ukingo. Tangu hapo anaanguka kihalali: mvutano wa gemu ni pikseli 900 kwa sekunde kila sekunde, kwa hiyo kila fremu kasi yake ya kwenda chini inaongezeka kwa 15. Fremu ya kwanza ameshuka robo pikseli, ya pili amefikisha robo tatu, ya tatu moja na nusu, ya nne mbili na nusu. Kwenye skrini ya pikseli 180, kushuka pikseli mbili ni jambo ambalo jicho halilishiki wakati mtu anakimbia. Tuseme mchezaji amebonyeza katika fremu hiyo ya nne. Amepita ukingo kwa pikseli 6, hazifiki kigae kimoja. Kwa kanuni ya mwanzo angekuwa amekufa. Kwa saa ya ukingo anaruka, naye mwenyewe hajui kwamba alichelewa. Saa ikitumika hadi mwisho wake, fremu sita, atakuwa amekwenda pikseli 9 na ameshuka kama pikseli 5.

Hapa ndipo wengi huteleza, nami nitakaa hapo kidogo. Kumruhusu mhusika aruke ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha mruko wake ni mruko uleule. Katika Celeste, kuruka ni kuiweka kasi ya wima kuwa 105 kwenda juu, bila kujali ilikuwa ngapi kabla. Msimbo haujumlishi, unaandika upya. Watu wengi wanaotumia Unity humrusha mhusika kwa kumsukuma, yaani nguvu inajumlishwa kwenye kasi aliyonayo. Mhusika akiwa sakafuni, njia zote mbili hutoa jibu moja, ndiyo maana kosa halionekani. Lakini yule wa fremu ya nne tayari anashuka kwa kasi ya 60. Ukimsukuma kwa 105 anabakiwa na 45 kwenda juu. Kimo cha mruko wa kawaida hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo hapandi hata sehemu ya tano ya alipopaswa kufika. Mchezaji anaona mhusika ameruka kidogo kama aliyechoka, kisha ametumbukia. Hilo ni baya kuliko kutoruka kabisa, maana sasa mruko haueleweki: leo mrefu, kesho mfupi, na kidole kilifanya kitu kilekile. Ukisikia wachezaji wako wanasema mruko “wakati mwingine ni dhaifu”, angalia kwanza kama unajumlisha mahali ulipopaswa kuandika upya.

Kuna wanaozima mvutano wakati saa ya ukingo inaendelea, ili mhusika asishuke hata pikseli moja. Siipendi njia hiyo. Wapo wachezaji wanaoacha ukingo kwa makusudi ili waanguke tu, na hao watamwona mhusika akining’inia hewani kwanza, kila mara, kana kwamba ukingo una gundi. Celeste inamwacha aanguke, na hasara yake ni hizo pikseli chache za kimo. Mruko kamili wa Celeste, kitufe kikishikiliwa, unapanda kama pikseli 28. Aliyeruka katika fremu ya nne atafika pikseli 25 na nusu juu ya ukingo aliouacha. Bado anapanda vigae vitatu.

Sasa tugeukie upande wa pili, mchezaji anayewahi. Hili hutokea wakati wa kutua. Anaanguka, anajua akitua tu lazima aruke tena kwa sababu mbele kuna miiba, na kidole chake kinabonyeza fremu tatu kabla ya mguu kugusa. Kanuni ya mwanzo inasema: kitufe kimebonyezwa, ndiyo, lakini hayuko sakafuni. Mbonyezo unatupwa. Fremu tatu baadaye yuko sakafuni, lakini sasa kitufe hakijabonyezwa, kimeshikiliwa tu. Anatua, anaendelea kukimbia, anaingia kwenye miiba huku kidole kimekandamiza kitufe.

Mtu mwenye haraka atasema basi tuulize kama kitufe kimeshikiliwa, tusiulize kama kimebonyezwa. Jaribuni muone. Mhusika ataruka, atatua, ataruka tena, na tena, mradi kidole hakijainuka, na mchezaji anayeshikilia kitufe ili apate mruko mrefu atajikuta anadundadunda asikotaka.

Dawa yake ni saa ya pili. Kitufe kikibonyezwa, saa ya kitufe inajazwa, halafu inapungua kila fremu. Mhusika akigusa sakafu kabla haijaisha, anaruka papo hapo. Huku ndiko kuweka mbonyezo kwenye bafa. Celeste huipa saa hii sekunde 0.08, karibu fremu 5. Ni muda mfupi kwa masikio, lakini uone unavyotanuka machoni: kasi ya juu ya kuanguka kwa kawaida ni pikseli 160 kwa sekunde, na kwa sekunde 0.08 hiyo ni karibu pikseli 13. Kisanduku cha mhusika kina kimo cha 11. Maana yake mchezaji anaweza kubonyeza akiwa juu ya sakafu kwa zaidi ya kimo chake chote, na bado gemu ikamwelewa.

Nawaandikia saa zote mbili pamoja, kwa lugha ya Godot, na namba za Celeste. Nimeacha mwendo wa pembeni, na pia urefushaji wa mruko kwa kushikilia kitufe, ili tuone saa hizi peke yake.

```gdscript
var saa_ukingo := 0.0
var saa_kitufe := 0.0

func _physics_process(delta):
    if is_on_floor():
        saa_ukingo = 0.1
    else:
        saa_ukingo -= delta
        velocity.y = min(velocity.y + 900.0 * delta, 160.0)

    if Input.is_action_just_pressed("ruka"):
        saa_kitufe = 0.08
    else:
        saa_kitufe -= delta

    if saa_kitufe >= 0.0 and saa_ukingo >= 0.0:
        velocity.y = -105.0
        saa_kitufe = 0.0
        saa_ukingo = 0.0

    move_and_slide()
```

Tazameni sharti la mruko. Halitaji tena sakafu wala kitufe. Linauliza kama sakafu ilikuwapo hivi karibuni, na kama kitufe kilibonyezwa hivi karibuni. Matukio mawili yaliyolazimishwa kukutana katika fremu moja sasa kila moja lina kumbukumbu yake, moja linamsubiri aliyechelewa na jingine linamsubiri aliyewahi. Tazameni pia kwamba saa zinahesabu sekunde, si fremu. Ukihesabu fremu 6 na gemu yako ikajihesabu kwa kufuata skrini, basi kwenye skrini ya fremu 144 kwa sekunde hizo sita ni milisekunde 42 tu, na mwenye kompyuta nzuri ndiye atakayepata gemu ngumu zaidi.

Mistari miwili inayorudisha saa kwenye sifuri baada ya kuruka inaonekana ya usafi tu. Ondoa ule wa saa ya ukingo, na mhusika aliyeruka kutoka sakafuni atabaki na sehemu ya kumi ya sekunde ambayo ndani yake anaweza kuruka tena hewani. Mchezaji atakayegonga kitufe mara mbili haraka ataipata siri hiyo siku ya kwanza. Na kosa hili lina ndugu yake aliyejificha zaidi. Katika fremu ya kwanza ya mruko, mhusika wa Celeste anapanda pikseli moja na robo tatu. Kama wewe unakagua sakafu kwa mshale unaofika pikseli 3 chini ya miguu, mshale huo bado unagusa, msimbo unaamini yuko sakafuni, na saa uliyoiweka sifuri inajazwa upya. Celeste imelizuia hili kwa kukataa kumhesabu mhusika kuwa yuko sakafuni wakati kasi yake inaelekea juu. Katika Godot, `is_on_floor()` hutoa jibu la mwendo uliopita wa `move_and_slide()`, na anayepanda hahesabiwi. Lakini ukiandika ukaguzi wako mwenyewe, sharti hilo liweke kwa mkono wako.

Wanaotumia Unity nina neno lao. Fizikia yake ya kawaida haijihesabu pamoja na picha. Inajihesabu kila sekunde 0.02. Ukiuliza `GetButtonDown` ndani ya `FixedUpdate`, mibonyezo mingine itapotea kabisa, kwa kuwa jibu lake ni la kweli kwa fremu moja ya picha, na fremu hiyo yaweza kupita bila fizikia kuitwa. Mchezaji atasema padi ni mbovu. Soma kitufe ndani ya `Update`, ujaze saa ya kitufe hapo, kisha fizikia iikute saa ikiwa bado ina muda.

Limebaki jambo ambalo naliona gumu kuliko yote niliyosema, nalo ni mruko mfupi. Katika gemu nyingi ukigusa kitufe na kukiachia, mhusika anaruka kidogo. Ukishikilia, anaruka sana. Njia inayotumiwa na wengi ni kusubiri tukio la kuachia: kitufe kikiachiwa mhusika angali anapanda, kasi yake inakatwa nusu. Iunganishe njia hiyo na saa ya kitufe, uone kinachotokea. Mchezaji anaanguka, anagusa kitufe na kukiachia, yote kabla ya kutua. Tukio la kuachia limepita wakati mhusika anashuka, halikuwa na cha kukata. Fremu mbili baadaye anatua, saa ya kitufe ingali hai, anaruka, na hakuna tena tukio la kuachia litakalokuja. Aliyeomba mruko mfupi anapewa mrefu, na kama juu kuna miiba, amekufa kwa kosa lisilo lake.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni ya Celeste: kitufe kikiachiwa, kumbukumbu ya mbonyezo inafutwa, kwa hiyo ni lazima ubonyeze na ushikilie mpaka utue. Ya pili ni kuikubali kumbukumbu, lakini wakati wa kuruka uulize kama kidole bado kiko kwenye kitufe, na kama kimeondoka, umpe mruko mfupi tangu mwanzo:

```gdscript
velocity.y = -105.0
if not Input.is_action_pressed("ruka"):
    velocity.y *= 0.5
```

Mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu aliyegusa kitufe alitaka kuruka, na kumfutia ombi lake ni kurudi kulekule tulikotoka. Lakini naielewa Celeste. Kwenye gemu ambayo miiba iko kila upande, mruko ambao mchezaji ameshaukatia tamaa unaweza kumuua. Ninachokisisitiza ni kuchagua kwa kujua, kwa sababu usipochagua utapata ile tabia ya tatu, mruko mrefu usioombwa.

Mtaniuliza kwa nini 0.1 na 0.08, kwa nini isiwe 0.3 tukawafurahisha wote. Hesabu ni zilezile. Kwa sekunde 0.3 mhusika anakwenda pikseli 27, zaidi ya vigae vitatu, na kasi yake ya kushuka imeshafika kikomo cha 160. Hapo jicho linaona: mtu anaanguka shimoni, kisha anaruka juu akikanyaga hewa. Aliyetaka kuanguka na kuruka ukutani chini zaidi anajikuta ametumia mruko wa ukingo asioujua. Upande wa kitufe, muda ukizidi, mchezaji anabonyeza, anabadili nia, anatua, na mhusika anaruka kwa amri iliyokwisha kusahauliwa.

Hata hizo pikseli 9 zina gharama kwa mchora ramani. Shimo ulilolipima liwe pana kidogo tu kuliko uwezo wa mhusika, ili lizuie njia, huenda lisizuie tena, kwa maana saa ya ukingo imempa nafasi ya kuruka akiwa mbele zaidi. Na shimo ambalo halivukiki bila saa ya ukingo ni shimo bovu. Ukilichora, umeitwaa ile nafasi uliyompa mchezaji kwa ajili ya kuchelewa kwake, ukaigeuza kuwa sehemu ya lazima ya njia, na sasa yuko palepale alipokuwa, anahitajiwa abonyeze katika fremu moja. Ninapokagua ramani huweka saa zote mbili sifuri kwanza na kuhakikisha kila shimo linavukika, hata kama ni kwa taabu, ndipo ninazirudisha.

Namba za gemu yako usizichukue kwa Celeste wala kwangu. Kila mhusika ana kasi yake na kila ramani ina vigae vyake. Andika kwenye faili kila mbonyezo ambao haukuzaa mruko, pamoja na muda uliopita tangu mhusika aiache sakafu, na muda uliobaki mpaka alipotua. Wape watu ambao hawajawahi kuiona gemu wacheze saa zikiwa sifuri. Ukipanga muda wa waliochelewa kwenye mstari mmoja, utaona mrundikano mara tu baada ya ukingo, kisha unapungua, kisha mibonyezo michache iliyotawanyika ya watu waliobonyeza kwa hofu wakiwa tayari shimoni. Saa ya ukingo iishie pale mrundikano unapoishia. Fanya hivyohivyo kwa waliowahi, kwa mstari wao wenyewe, na usishangae mistari miwili ikikupa namba mbili tofauti.